Kumefanyika Marekebisho

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 2024, mfasiri mmoja katika ghala la vifurushi mjini Louisville, jimbo la Kentucky, alikuta tangazo la Kiingereza juu ya meza yake. Aliombwa alitie katika Kiswahili kabla ya saa ya chakula. Mfasiri huyo ni mzaliwa wa Tanga. Alisomesha Kiswahili sekondari kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia Marekani, na kazi ya kufasiri ameipata kwa sababu ghala lile lina wafanyakazi wengi waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao Kiingereza chao kinatosha kuelewana na msimamizi lakini hakitoshi kusoma barua ya ofisi. Alilifasiri kwa muda wa nusu saa, nalo likasomeka hivi:

"Kufuatia tathmini ya kina ya mahitaji ya kiutendaji, menejimenti inapenda kuwaarifu wafanyakazi wote kwamba kumefanyika marekebisho ya mpangilio wa zamu yatakayoanza kutumika rasmi Jumapili, tarehe 3 Novemba. Zamu ya usiku katika kitengo cha upangaji wa vifurushi itasitishwa. Wafanyakazi watakaoathirika watapewa fursa ya kuhamia zamu ya jioni kwa kuzingatia upatikanaji wa nafasi. Wafanyakazi wanatakiwa kuwasilisha chaguo lao kwa wasimamizi wao kabla ya tarehe 25 Oktoba. Kutowasilisha chaguo kutachukuliwa kuwa ni kukubali utaratibu utakaopangwa. Menejimenti inathamini mchango na uvumilivu wenu katika kipindi hiki cha mpito."

Mwalimu wa sarufi hangepata kosa la kusahihisha humo. Upatanisho wa kisarufi umetimia, istilahi zinakubalika, na ofisi yoyote ya Dar es Salaam au Dodoma ingelibandika ukutani bila kugusa neno. Kwa hakika ndiko lugha hiyo ilikokomazwa. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania ilielekeza kwamba kazi zake zifanyike kwa Kiswahili, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo. Maofisa waliokuwa wakiandika nyaraka kwa Kiingereza ikawabidi kuziandika kwa lugha ya nyumbani, na wengi walibeba umbo la sentensi za Kiingereza pamoja na maana yake. Mfasiri alisoma katika shule zilizotumia lugha hiyo, akaisomesha, na mkono wake unaiandika bila kuamriwa.

Tatizo lilianza mchana, ofisi iliposema kwamba tangazo halitabandikwa tu. Litasomwa, lirekodiwe na kutumwa kama ujumbe wa sauti kwenye simu za watu wa zamu ya usiku, kwa maana wengi wao hawasomi karatasi za ukutani, na wako ambao hawasomi kabisa. Msomaji alikuwa amekwisha kuchaguliwa. Ni msimamizi wa zamu yenyewe ya usiku, mtu wa Uvira, mwenye miaka hamsini na kitu, ambaye wafanyakazi humwita Papa. Alikuja kabla ya zamu yake, akavaa miwani, akaisoma karatasi mara moja kwa sauti mbele ya simu. Ilichukua dakika moja na sekunde chache. Alipomaliza aliiweka chini.

"Mama," alisema, "hii Kiswahili ni ya kitabu. Mimi nikisema hivi, watu watafikiri kuna mtu ameniwekea bunduki mgongoni."

Mfasiri hakukasirika. Alimwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe kile alichokisoma. Papa alifikiri kidogo, akasema kwamba kuna marekebisho, na kwamba watu wachague. Wachague nini? Hakuwa na hakika. Basi msomaji mwenyewe, aliyekuwa ameitia kila silabi kinywani mwake, hakuwa ameondoka na habari yenyewe, kwamba usiku hakuna kazi tena. Sentensi iliyobeba habari hiyo ilikuwa ya pili, fupi, katikati ya mbili ndefu, na kitenzi chake, "itasitishwa", kilipita kama jina la ofisi.

Hapo ndipo kazi ya pili ilipoanza, nayo ilichukua siku mbili badala ya nusu saa.

Jambo la kwanza alilolitazama mfasiri ni watendaji. Alichukua kalamu akapitia kila kitenzi akiuliza: nani? Nani amefanya tathmini? Nani amerekebisha? Nani anasitisha? Nani atapanga? Katika maandishi yote jina la mtendaji lilitokea mahali pawili tu, mwanzo na mwisho, na pote pawili menejimenti ilikuwa ikifanya mambo mema: inapenda kuarifu, inathamini mchango. Kila palipokuwa na jambo zito, mtendaji alikuwa ameondoka. Kiswahili kina njia nyingi za kumwondoa mtu katika sentensi, na tangazo lilizitumia zote. Kuna kauli ya kutendwa, kama "itasitishwa" na "watapewa". Kuna vitenzi vilivyogeuzwa kuwa majina, kama "upatikanaji" na "mpangilio", ambavyo haviulizi nani kapata wala nani kapanga. Na kuna kile kiambishi cha mahali, ku-, katika "kumefanyika marekebisho", ambacho hufanya uamuzi wa watu usikike kama hali ya hewa. Kumenyesha, kumekucha, kumefanyika marekebisho.

Katika karatasi mtu huweza kuvumilia sentensi isiyo na mtu, kwa kuwa karatasi yenyewe haina uso. Sauti haikubali. Sauti ya Papa inapofika sikioni mwa mpanga vifurushi saa tisa ya alasiri, inafika na uso wake, na miaka waliyofanya kazi pamoja, na ule mguu wake unaouma wakati wa baridi. Msikilizaji hawezi kuamini kwamba mtu anayemjua anazungumza bila kuwa na mtu katika habari yake. Atatafuta mtendaji, na asipompata atamweka yule anayemsikia. "Kumefanyika marekebisho" kwa sauti ya Papa kungesikika kuwa ni Papa aliyerekebisha.

Kwa hiyo sentensi ilibidi imtaje aliyeamua. Mfasiri aliandika: "Wakubwa wa kampuni ndio walioamua." Papa alitaka kuongeza, "Mimi sikuulizwa." Sentensi hiyo ilikwenda ofisini ikarudi imekatwa. Mfasiri hakuitetea. Ilikuwa kweli, lakini ilimhusu Papa, wala haikumsaidia mpanga vifurushi kujua la kufanya. Ile ya kwanza aliipigania, na ilibaki.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu halikuwa la lugha. Alipojaribu kuigeuza ile sentensi ya "kwa kuzingatia upatikanaji wa nafasi" iwe kitenzi, aligundua kwamba hajui inasema nini. Jina la kufikirika huweza kukaa katika sentensi bila mwandishi kujua kilichomo ndani yake. Kitenzi hudai idadi. Nafasi zitapatikana, au hazitapatikana? Ngapi? Alikwenda kumwuliza ofisa wa wafanyakazi, ambaye hakupenda swali. Baada ya kimya kirefu alimjibu: wafanyakazi wa usiku ni 64, nafasi za jioni ni 50. Zitagawiwa kwa kufuata miaka ya kazi, aliyeajiriwa mapema akitangulia. Watu 14 watakaobaki ofisi itajaribu kuwatafutia nafasi katika jengo jingine la kampuni. Itajaribu, hakuna ahadi.

Akauliza la pili. Watu wa usiku hulipwa dola moja na nusu zaidi kwa kila saa. Je, nyongeza hiyo inahama nao? Haihami. Kwa mtu afanyaye saa 40 kwa wiki, hiyo ni dola 60 zinazotoka mfukoni mwake kila wiki. Tangazo halikuwa na neno juu ya jambo hilo, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Hapa mfasiri alisimama, na ni mahali panapostahili kusimamiwa. Ofisi ilikuwa imemwomba alifanye tangazo "lisikike kama mtu anayezungumza". Angeweza kulitimiza ombi hilo kwa saa moja. Angeweka salamu mwanzoni, angevunja sentensi ndefu, angebadili "wafanyakazi" kuwa "wandugu", angeongeza shukrani yenye joto mwishoni, na Papa angelisoma vizuri. Lakini lugha kavu ya ofisi ina uaminifu wake wa ajabu: mtu anayeisikia hujua kwamba anafichwa jambo, na hujilinda. Anapoambiwa na sauti anayoipenda, huacha kujilinda. Sauti ya kirafiki iliyonyamazia dola 60 na watu 14 ingekuwa mbaya kuliko karatasi. Watu wangeamini, na siku ya malipo wangejua wamedanganywa na nani.

Papa aliposikia hesabu hizo hakubishana na yeyote. Alisema tu, "Bila hiyo, mimi sisemi. Mtafute mtu mwingine." Ofisi haikuwa na mtu mwingine ambaye watu wa usiku wangemsikiliza. Jioni ya Jumanne ofisa alirudi na ruhusa ya kutaja nyongeza na idadi, kwa sharti kwamba karatasi ya ukutani nayo itaongezewa mambo hayo hayo, ili sauti na karatasi zisipingane. Sharti hilo lilikuwa la haki. Ujumbe wa sauti husahaulika na kubishaniwa. Karatasi ndiyo itakayoshikwa mtu akidai haki yake. Kuandika upya kwa ajili ya sikio hakumpi mwandishi idhini ya kubadili kilichoahidiwa. Pale palipokuwa na "watapewa fursa", haikuruhusiwa kusema "mtahamia", hata kama "mtahamia" ni rahisi kutamka na kunafariji.

Jambo la tatu lilikuwa wakati, na humo mitego ilikuwa mingi kuliko alivyotazamia.

Mtego wa kwanza aliutega mwenyewe. Kiingereza kilikuwa kimesema machaguo yaletwe hadi tarehe 25, siku hiyo ikiwamo. Yeye aliandika "kabla ya tarehe 25", kama wafasiri wengi wanavyoandika kwa mazoea, na hivyo akawanyang'anya watu siku moja. Anayesikia "kabla ya tarehe 25" ana haki ya kuamini kwamba mwisho ni tarehe 24. Katika karatasi kosa hilo lingeweza kupita bila kuonekana. Alilisikia pale tu Papa alipouliza, "Na yule atakayekuja Ijumaa yenyewe?"

Mtego wa pili ni saa. Zamu ya jioni huanza saa nane mchana na kumalizika saa nne na nusu usiku. Kwa mtu wa Tanga hakuna la kueleza hapo. Lakini baadhi ya wafanyakazi wameishi Marekani miaka mingi, na watoto wao huhesabu saa kwa Kiingereza. Wakisikia "saa nane" humwona nane ya kwenye simu. Mtu kama huyo angefika kazini saa mbili usiku, amechelewa saa sita, na kwa haki kabisa angesema ndivyo alivyoambiwa. Kuitaja saa ya Kiingereza peke yake nako kungewapoteza wengine. Mfasiri aliamua kwamba saa zitajwe kwa njia zote mbili, na kila saa ifuatane na sehemu ya siku: saa nane mchana, tuu pi-em.

Mtego wa tatu ni majina ya siku. Jumapili ya mwambao inaeleweka na wengi, lakini Papa alimkumbusha kwamba miongoni mwa watu wake wako waliotoka Lubumbashi, ambao Jumapili kwao ni siku ya Yenga, na Jumamosi ni siku ya posho. Wameshalijua neno la Tanzania, alisema, ila unapotaja siku ambayo mtu anaweza kupotezea kazi, mtajie kwa jina la kwao. Kwa hiyo siku ilitajwa kwa majina mawili na kwa tarehe. "Novemba" nayo ikawa "mwezi wa kumi na moja", kwa kuwa ndivyo karibu wote wanavyosema.

Mpangilio wenyewe ulifuata tabia ya sikio. Jicho likipotea hurudi nyuma mstari mmoja. Sikio halirudi, anayekosa neno hukosa na lile linalofuata, kwa sababu bado analitafuta la kwanza. Kwa hiyo habari kuu ilikaa mwanzoni, kila sentensi ikabeba jambo moja, na tarehe ya mwisho ikatajwa mara mbili, mara ya pili ikiwa karibu na mwisho wa ujumbe, kwa kuwa cha mwisho ndicho kinachobaki. Wanaokumbuka jinsi Mwalimu Nyerere alivyotangaza vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 watakumbuka kwamba alitaja uwezo, sababu na nia, kila kimoja katika sentensi yake yenye umbo lile lile. Wasikilizaji wa redio wangeweza kuirudia hotuba hiyo jioni ile ile bila kuwa na karatasi. Kipimo cha mfasiri kilikuwa hicho hicho kwa kiwango cha ghala: je, anayesikia mara moja anaweza kumweleza mwenzake?

Maneno ya kazi nayo yalibadilika. "Zamu" ni neno zuri, lakini hakuna mtu katika ghala lile anayelitumia. Wote husema shifti. Msimamizi ni supavaiza. "Kitengo cha upangaji wa vifurushi" kiliondoka kabisa, maana watu wa usiku wanajua wako wapi. Mwalimu wa Kiswahili ndani yake aliumia kidogo. Hata hivyo alijiuliza kama neno sanifu lingemsaidia mtu yeyote kuelewa, na jibu lilikuwa hapana.

Ujumbe ulipokamilika ulikuwa hivi:

"Wandugu wa shifti ya usiku, jambo. Ni mimi, supavaiza wenu. Nina habari, na si nzuri. Shifti ya usiku inafungwa. Wakubwa wa kampuni ndio walioamua, wanasema mizigo ya usiku imepungua. Usiku wetu wa mwisho ni Ijumaa, tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja. Kuanzia Jumapili, siku ya Yenga, tarehe 3, usiku hakuna kazi.

"Shifti iliyopo ni ya jioni. Inaanza saa nane mchana, tuu pi-em. Inaisha saa nne na nusu usiku, ten-thati pi-em. Nafasi ziko 50. Sisi tuko 64. Aliyeanza kazi zamani atatangulia kupata. Watakaobaki, ofisi itawatafutia kazi kwenye jengo lingine, lakini siwezi kuwaahidi kwamba itapatikana. Na pesa: ile dola moja na nusu ya usiku, kwenye shifti ya jioni haipo.

"Cha kufanya ni kimoja. Njoo kwangu, au kwa Mama ofisini, useme unataka shifti ya jioni au huitaki. Mwisho ni Ijumaa, tarehe 25 ya mwezi huu. Ukija Ijumaa yenyewe, tunakupokea. Ukija Jumamosi, umechelewa. Usiposema kitu, ofisi itakupangia yenyewe.

"Narudia: mwisho ni Ijumaa, tarehe 25. Mwenye swali anipigie, au tuonane kantini saa ya mapumziko."

Msomaji ataona kwamba shukrani imetoweka. Si kwamba ilikatazwa. Papa alijaribu kuisema mara mbili na mara zote sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayesoma ukutani. Akasema kwamba watu hushukuriwa wanapopewa, si wanaponyang'anywa. Ataona pia kwamba neno "sisi" limetumika mahali pamoja tu penye uzito, katika "sisi tuko 64". Kiswahili hakina "sisi" mbili, moja ya kumhusisha msikilizaji na nyingine ya kumwacha nje, na ndiyo maana wakubwa hulipenda neno hilo: "sisi sote tutapita katika kipindi hiki". Kinywani mwa Papa lilikuwa kweli. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao 64.

Kabla ya kurekodi, mfasiri aliwaita wafanyakazi wawili wa zamu nyingine, mmoja mmoja, akawasomea mara moja tu, kisha akawauliza maswali manne: nini kimebadilika, lini, ufanye nini, na umwulize nani? Wa kwanza alijibu yote. Wa pili, mama wa Bujumbura, alijibu kwamba watu waje ofisini Jumapili. Tarehe mbili zilikuwa zimeungana kichwani mwake, kwa sababu katika rasimu ile siku ya kufunga na siku ya kuchagua zilifuatana bila kitu katikati. Ndipo maelezo ya saa, nafasi na pesa yakapelekwa katikati ya tarehe hizo, na "cha kufanya ni kimoja" kikawekwa kama mlango wa kuingilia sehemu ya mwisho. Mama yule alisomewa tena siku ya pili. Safari hii hakukosea.

Kurekodi nako kulikuwa na somo lake. Mara ya kwanza Papa alirekodi ofisini, mlango umefungwa, karatasi mkononi, na maneno yale yale yaliyoandikwa kwa ajili ya kinywa chake yakatoka kama tangazo la msiba redioni. Jicho likifuata mstari, sauti hushuka mwisho wa kila mstari, hata pale ambapo fikra haijaisha. Mfasiri aliichukua karatasi akamwachia kipande kidogo chenye namba tu: 1, 3, 50, 64, 25, na zile saa mbili. Wakahamia kantini. Alimketisha mkabala na mpanga vifurushi mmoja wa zamu ya asubuhi, akamwambia amweleze huyo, si simu. Simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, karibu na kidevu chake. Alisema "Ukija Ijumaa" mara mbili, akakohoa, akavuta pumzi kabla ya kutaja ile dola moja na nusu. Hayo yote yaliachwa. Alipokosea tarehe tu ndipo waliporudia tangu mwanzo, kwa kuwa kosa la tarehe lililosahihishwa katikati humwachia msikilizaji tarehe mbili.

Ujumbe ulichukua karibu dakika mbili, yaani karibu mara mbili ya muda wa lile tangazo la kwanza. Ofisa wa wafanyakazi alishangaa, maana alidhani kurahisisha ni kufupisha. Katika karatasi huwa hivyo mara nyingi. Katika sauti, kilichobanwa ndani ya jina moja kama "upatikanaji" hakina budi kukunjuliwa, na kukunjua kunataka nafasi.

Ulitumwa Jumatano tarehe 16, mchana, kabla watu hawajaamka vizuri. Hadi Ijumaa ya tarehe 25 watu 61 walikuwa wamefika kwa Papa au kwa mfasiri, wengine wakiwa na hasira. Maswali yao, hata hivyo, yalikuwa ya watu walioelewa. Mmoja aliuliza kama miaka ya kazi huhesabiwa tangu siku ya mkataba wa muda au wa kudumu, swali ambalo ofisi haikuwa imeliwaza na ilibidi ilijibu kwa maandishi. Mwingine aliuliza atarudije nyumbani saa nne na nusu usiku, maana mwenzake mwenye gari hakupata nafasi. Swali hilo halikupata jibu. Watu 14 walibaki nje ya orodha. Kati yao 5 walipelekwa jengo jingine, na waliosalia waliondoka.

Jumapili ya tarehe 3 Novemba mfasiri alikuwapo langoni ili kuona kama kuna atakayefika saa isiyo yake. Hakuna aliyekuja saa mbili usiku. Lakini saa saba mchana wanaume wawili walikuwa wameshaketi ndani ya gari nje ya lango, wakingoja. Waliamini wamewahi kwa dakika chache. Usiku uliotangulia Marekani ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama ifanyavyo kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, na saa ya gari lao, tofauti na ya simu, hairudi yenyewe.

Mfasiri alikuwa ameitaja saa kwa lugha mbili na siku kwa majina mawili, na hili hakuliona. Alikwenda dirishani mwa gari akawaomba radhi, akawaletea chai kutoka kantini. Kisha alirudi ofisini, akaitoa ile karatasi yenye maswali yake manne, na chini yake akaandika la tano: siku hiyo saa inasemaje?